Mkazo wa Kirusi: neno moja kwa macho, mawili kwa masikio

Nilikwenda sokoni kununua kilo mbili za unga. Zilikuwa zimepita wiki chache tangu nifike Urusi kwa masomo, na mtu aliyelelewa Sandoa hawezi kula mkate asubuhi, mchana na jioni bila moyo wake kuanza kuulizia bukari. Unga wa mahindi sikuuona, basi nikasema moyoni kwamba hata wa ngano utafaa. Nikamwambia mama aliyekuwa akiuza: «Dva kiló múki.» Akanitazama kidogo, kisha akasema polepole, bila kucheka: «Mukí, synók, mukí.» Synók ni mwanangu. Nikarudia kama alivyosema, nikapewa unga wangu, nikaondoka bila kujua kosa lilikuwa wapi. Jioni nilifungua kamusi nikaona: muká ni unga, múka ni mateso. Nilikuwa nimeomba kilo mbili za mateso.

Maneno hayo mawili yakiandikwa hayana tofauti hata ya herufi moja. Gazeti la Kirusi, barua, mkataba na tangazo la barabarani haviweki alama ya mkazo. Msomaji anatarajiwa kuujua tayari. Alama huwekwa katika kamusi, katika vitabu vya watoto na vya wageni wanaojifunza, na mara mojamoja mahali ambapo mwandishi anaona hatari ya kueleweka vibaya. Makala haya yanahusu hatari hiyo. Nataka kuonyesha ni lini sarufi yenyewe inatuokoa na ni lini haituokoi, kwa sababu hapo pa pili ndipo mfasiri anapoweza kuandika jambo lisilokuwemo katika andiko na asigundue kamwe.

Maneno ya Kirusi nitayaandika kwa herufi zetu, na alama juu ya irabu itaonyesha mkazo. Nikiacha alama, ni kwa makusudi: neno liko kama lilivyo kwenye karatasi. Herufi zh isomwe kama j ya Kifaransa. Herufi y ikikaa mahali pa irabu, kama katika synók, ni sauti iliyo karibu na i, ila ulimi umevutwa nyuma. Ulaini wa konsonanti za mwisho nimeuacha, maana si habari ya leo.

Kwanza tuangalie mzigo tunaokwenda nao. Kiswahili kinaweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Neno likirefuka, mkazo unasogea nalo: nyúmba, nyumbáni. Unatembea, lakini kwa sheria moja, na kwa hiyo haubebi maana. Mfano unaotajwa sana wa kinyume chake ni barabára, yaani njia, na barábara, yaani sawasawa kabisa. Mifano ya namna hiyo ni michache mno, na ndiyo sababu sote tunaukumbuka huo mmoja. Katika Kirusi mifano hiyo ni mamia, na ukihesabu maumbo ya nomino na vitenzi pamoja na maneno ya kamusi, ni mingi zaidi.

Mzigo wa pili ni Kifaransa cha shuleni, kinachosukuma mkazo hadi silabi ya mwisho. Mara nyingine mzigo huu unasaidia: dokumént, kontrákt, kapitál, metáll na karyér, yaani shimo la mgodi wa wazi ambalo hapa kwetu tunaliita karieri, yote yana mkazo mwishoni. Lakini anayeamini kwamba kila neno lenye sura ya Kifaransa litafuata njia hiyo ataanguka kwenye tránsport na áktsiya, hisa. Majina ya Afrika nayo hayana kawaida moja. Warusi husema Kinshása, Lubumbáshi, Nairóbi, Lumúmba, sawa na masikio yetu. Lakini nchi ya jirani yetu ni Tanzániya, si Tanzaníya, na mkalimani akiitamka kwa mkazo wa Kiswahili atasikika mgeni, ingawa ataeleweka.

Mzigo wa tatu ni wa wale waliozaliwa na Uruund, Kichokwe au Kiluba nyumbani, nao ninauona kuwa faida. Lugha hizo zina toni. Neno moja kwa herufi linaweza kuwa mawili kwa sauti, na katika maandishi ya kila siku toni haziandikwi. Mtu wa Sandoa anayesoma tangazo la kanisa kwa Uruund anajaza mwenyewe kile ambacho karatasi haisemi, tena bila kujitambua. Msomaji wa Kirusi anafanya kazi hiyohiyo. Tofauti ni kwamba toni ni kupanda na kushuka kwa sauti, ilhali mkazo wa Kirusi ni hasa urefu na uwazi wa irabu. Sauti inaweza kupanda kwa sababu mtu anauliza swali, au kushuka kwa sababu amemaliza kusema, na mkazo ukabaki palepale. Wanafunzi wenye toni masikioni mara nyingi wanapandisha sauti mahali pa mkazo halafu wanaacha irabu zote zikiwa na urefu mmoja. Mrusi anasikia wimbo, lakini hasikii mkazo.

Kwa nini hausikii? Kwa sababu katika Kirusi irabu isiyo na mkazo hufifia. O isiyo na mkazo inageuka kuwa kama a: neno la maziwa huandikwa moloko, husemwa malakó, neno la vizuri huandikwa khorosho, husemwa kharashó. E isiyo na mkazo inakaribia i: mto ni reka, husikika riká. Basi anayeweka mkazo mahali pasipo pake amebadilisha irabu zote za neno, siyo nguvu ya silabi moja tu. Chukua zámok, ngome, na zamók, kufuli. La kwanza lina a ndefu, na irabu yake ya pili ni fupi, hafifu, karibu kumezwa. La pili lina o iliyo wazi mwishoni. Sisi tukitamka irabu mbili kwa usawa, kama tulivyozoea katika Kiswahili ambamo a ni a popote ilipo, msikilizaji anabaki akikisia kati ya ngome na kufuli. Kutoka hapo tunapata msaada wakati wa kusikiliza: ukiisikia o safi na iliyo wazi, karibu kila mara mkazo upo hapohapo. Maneno machache ya kigeni, kama rádio, yanavunja kanuni hiyo, lakini ni machache kweli.

Sasa turudi kwenye karatasi, maana wengi wa wasomaji wa jarida hili wataishi na Kirusi cha kuandikwa kuliko cha kusemwa. Kwa anayefasiri maandishi, swali lenye faida ni hili: je, kuna kitu kingine katika sentensi kinachonilazimisha kuchagua usomaji mmoja?

Mara nyingi kipo. Neno stórony ni pande, kama pande mbili za mkataba. Storoný ni ya upande, yaani neno hilohilo katika umoja na umbo la umilikaji. Kwenye karatasi yote mawili ni storony. Ukikuta «Storony obyazúyutsya», kitenzi kiko katika wingi, basi wanaoahidi ni pande zote: stórony. Ukikuta «obyazátelstva storony», ni wajibu wa upande mmoja: storoný. Kama ungekuwa wajibu wa pande zote, Kirusi kingeandika storón, umbo lingine kabisa. Mfasiri yuko salama. Anayepata shida ni mkalimani anayesoma kwa sauti mbele ya watu, kwa sababu anapaswa kuchagua mkazo kabla jicho lake halijafika kwenye kitenzi. Hali ni hiyohiyo kwa réki, mito, na rekí, ya mto. Anayeandika juu ya kingo za Lulua atatumia umbo la pili, na neno linalotangulia litamwambia msomaji hivyo.

Ya plachu inaweza kuwa pláchu, ninalia, au plachú, ninalipa. Wanafunzi wanaupenda sana mfano huu. Katika andiko refu haina shida: anayelipa atataja kiasi, au kitu anacholipia, na anayelia atataja kilichomliza. Lakini ukiletewa ujumbe mfupi wa simu wenye maneno hayo mawili tu, hakuna sarufi itakayokusaidia. Itabidi ujue nani alimwandikia nani, na kwa sababu gani.

Kundi la pili ndilo lililonifanya niandike makala haya. Ni maneno ambayo sentensi yake inabaki sahihi kwa mikazo yote miwili, na maana zote mbili zinaingia akilini bila kugongana. Nitaeleza mawili, yote kutoka katika aina ya maandishi ambayo mhitimu wa lugha anayeishi Kolwezi anaweza kuletewa siku yoyote: karatasi za mgodi. Sentensi nimezitunga mwenyewe, lakini maneno yake ni ya kila siku katika Kirusi cha biashara.

Sentensi ya kwanza: «Bolshaya chast áktsiy prinadlezhít kompánii.» Chast ni sehemu, áktsiy ni za hisa, prinadlezhít ni ni mali ya. Kila kitu kinategemea bolshaya. Ukisoma bolsháya, ni kivumishi cha kawaida: sehemu kubwa. Kampuni ina hisa nyingi, labda thelathini na tano katika mia, na hakuna aliyedanganya. Ukisoma bólshaya, ni umbo la kulinganisha: sehemu iliyo kubwa kuliko inayobaki, yaani zaidi ya nusu. Katika kampuni ya hisa tofauti hiyo ni tofauti ya nani anayeamua na nani anayeombwa maoni. Kanuni za uandishi wa Kirusi zinajua hatari hii. Zinaruhusu alama ya mkazo iwekwe ili kuzuia kusoma vibaya, na bólshaya ni miongoni mwa mifano inayotolewa mara kwa mara. Lakini kuruhusu si kulazimisha, na waandishi wa mikataba wana haraka.

Hapa Kiswahili chetu kinatutega. Sisi tunasema sehemu kubwa ya hisa kwa maana zote mbili! Ukimwambia mtu sehemu kubwa ya wanafunzi walikuja, ataelewa kwamba zaidi ya nusu walikuja. Na katika sentensi nyingine maneno hayohayo yatamaanisha wengi tu. Kwa hiyo mfasiri mvivu anaandika sehemu kubwa na kuona kazi imekwisha, wala haoni kwamba swali amelihamisha kutoka Kirusi hadi Kiswahili likiwa vilevile. Anayefasiri kwa Kifaransa hawezi kujificha hivyo, kwani lugha hiyo ina namna mbili zilizo wazi za kusema mambo hayo. Kwa Kiswahili tunapaswa kuandika zaidi ya nusu ya hisa kwa bólshaya, na hisa nyingi au kiasi kikubwa cha hisa kwa bolsháya.

Tutajuaje ni ipi? Njia ninayoiamini kuliko zote ni kutafuta mahali pengine katika andiko hilohilo ambapo maneno haya yamesimama katika umbo tofauti. Mikazo miwili inaandikwa sawa katika baadhi ya maumbo tu: hasa jinsia ya kike inapokuwa kiima au yambwa, na maumbo ya wingi. Penginepo mara nyingi herufi zinaachana. Tuseme katika kifungu cha saba umekuta «mwenye sehemu ya hisa». Kama mwandishi alikusudia zaidi ya nusu, hapo ataandika vladélets bólshey chásti. Kama alikusudia kiasi kikubwa tu, ataandika vladélets bolshóy chásti. Tofauti ni herufi moja, e au o, na inaonekana kwa macho bila alama yoyote. Ukiiona e kwenye kifungu cha saba, unarudi kwenye kifungu cha kwanza na kuandika zaidi ya nusu kwa moyo mtulivu. Jinsia ya kiume nayo inasema ukweli: bólshiy kwa ulinganisho, bolshóy kwa kivumishi cha kawaida. Na kama andiko lina jedwali la hisa mwishoni, anza huko. Tarakimu hazina mkazo.

Sentensi ya pili: «V 2019 godú kompániya zasypala karyér.» Mwaka 2019 kampuni ilifukia karieri. Au ilikuwa ikifukia? Zasýpala ni tendo lililokamilika: shimo limejazwa udongo, kazi imekwisha. Zasypála ni tendo linaloendelea au kurudiwa: malori yalikuwa yakimwaga udongo mwaka huo, na sentensi haisemi kama walimaliza. Vitenzi vya Kirusi kwa kawaida hutenga tendo timilifu na lisilotimilifu kwa kiambishi kinachoonekana. Katika kundi dogo la vitenzi, tofauti yote hiyo imeachiwa mkazo. Zasypat ni kimojawapo, otrezat, kukata kipande, ni kingine: otrézat ni kukata mara moja na kumaliza, otrezát ni kuwa katika kukata.

Kwa wanaoishi karibu na karieri, shimo lililofukiwa na shimo linaloendelea kufukiwa si kitu kimoja. La kwanza watoto wanaweza kupita juu yake. La pili linajaa maji wakati wa mvua.

Na hapa tena Kiswahili kinatutega. Ilifukia inabeba yote mawili. Anayesoma ataelekea kufikiri kazi imekwisha, lakini neno lenyewe halimhakikishii. Ukiwa na uhakika wa zasýpala, andika imekwisha kulifukia au ilimaliza kulifukia. Ukiwa na uhakika wa zasypála, andika ilikuwa ikilifukia.

Uhakika unapatikana kwa njia ileile ya kutafuta umbo jingine. Njeo iliyopita na kitenzi-jina zinaficha mkazo, lakini wakati uliopo hauwezi kuuficha. Ukikuta zasypáet, ni tendo linaloendelea. Ukikuta búdet zasypat, itakuwa ikifukia, mkazo ni wa mwisho bila shaka, kwani baada ya búdet Kirusi hakikubali kitenzi timilifu. Ukikuta karyér zasýpan, limekwisha kufukiwa. Angalia pia maneno yanayoambatana na kitenzi: pólnostyu, kabisa, inavuta upande wa kukamilika, postepénno, hatua kwa hatua, inavuta upande wa kuendelea. Hayo ni dalili tu, si ushahidi. Usiyape uzito kama unaoupa umbo la kitenzi.

(Zasypát ina ndugu mwingine wa sauti ileile kabisa, mwenye maana ya kushikwa na usingizi. «Okhránnik zasypál», mlinzi alikuwa akisinzia. Huyo hana yambwa, kwa hiyo kwa kawaida hatusumbui, ila nimeona daftari la mwanafunzi ambamo mlinzi alikuwa akifukia.)

Ikitokea kwamba umetafuta andiko zima na hakuna umbo lililofichua siri, usichague kwa kuonja ni ipi inayosikika vizuri zaidi. Mwulize aliyekupa kazi, kwa maandishi, ukimwekea sentensi mbili za Kiswahili na kumwomba aonyeshe moja. Swali la namna hiyo halimwonyeshi mfasiri kuwa dhaifu. Mrusi aliyeliandika andiko, akionyeshwa sentensi yake, mara nyingi ndipo anapotambua kwamba ina masomo mawili, kwa sababu yeye kichwani mwake alisikia mkazo mmoja tu tangu mwanzo.

Jambo lingine linalowachanganya wanaoanza ni mkazo unaobadilika bila kubadilisha maana. Uchimbaji wa madini katika kamusi ni dobýcha. Wachimbaji wenyewe wa Kirusi, tangu wahandisi hadi walio chini ya ardhi, husema dóbycha. Mabaharia nao wana kompás yao, ilhali nchi kavu dira ni kómpas. Hizi ni alama za kazi: zinasema mtu ni wa wapi na anafanya nini. Mkalimani akikaa na watu wa mgodi asishtuke akisikia dóbycha, wala asiwasahihishe. Yeye mwenyewe aseme dobýcha, maana hilo ndilo linalotegemewa kwa mtu aliyesoma lugha. Mkataba ni dogovór. Wapo wengi wanaosema dógovor, na mwaka 2009, wizara ya elimu ya Urusi ilipotangaza orodha ya kamusi zinazotambuliwa, mojawapo ikiwa imeikubali dógovor katika mazungumzo, magazeti yalijaa malalamiko kana kwamba kuna kitu kimeibiwa. Vilevile anapiga simu ni zvonít, na anayesema zvónit atasahihishwa hata na mtoto wa shule. Maana haijaguswa hata kidogo, lakini heshima ya msemaji imeguswa. Kwa mwanafunzi, ushauri wangu ni kutenganisha madaftari mawili: makosa yanayobadilisha maana, na makosa yanayomfanya mtu aonekane hakusoma. La kwanza lijazwe kwanza.

Kundi moja dogo linasimama mpakani. Herufi ya Kirusi inayoandikwa kama e yenye nukta mbili juu, inayosomwa yo, karibu daima ina mkazo. Ingekuwa msaada mkubwa kama nukta hizo zingeandikwa, lakini magazeti na vitabu vingi huziacha. Matokeo yake uznayóm, tunapata kujua sasa, na uznáyem, tutajua, yanakuwa sawa kwenye karatasi. Wakati uliopo na wakati ujao vimetenganishwa na nukta mbili ambazo mpiga chapa aliziona hazina maana.

Tukiwa na shaka tunakwenda wapi? Kamusi ya kawaida itakupa mkazo wa umbo la msingi tu, na hiyo haitoshi, kwa sababu mkazo wa Kirusi unahama ndani ya neno lilelile linapobadilika: ruká ni mkono, rúki ni mikono, rukí ni ya mkono. Kitabu kilichotengenezwa kwa kazi hii ni kamusi ya kisarufi ya Andrei Zaliznyak, iliyotoka mwaka 1977, yenye maneno yapatayo 100,000. Maneno yake yamepangwa kwa kuanzia herufi ya mwisho, kwa hiyo mara ya kwanza inamchanganya mtu. Haielezi maana, inaeleza jinsi neno linavyobadilika, na mwendo wa mkazo unaonyeshwa kwa herufi moja. Herufi a maana yake mkazo unakaa kwenye shina maumbo yote. Herufi b maana yake unakaa kwenye kiishio. Zinazofuata ni za mikazo inayohamahama. Ngome, zámok, iko kwenye a: zámka, zámki. Kufuli, zamók, liko kwenye b: zamká, zamkí. Basi ukikuta «klyuch ot zamka», ufunguo wa zamka, kamusi itakuonyesha kwamba yote mawili yanawezekana, ufunguo wa kufuli na ufunguo wa ngome, na kwamba unapaswa kuendelea kusoma ukurasa.

Mimi hufanya kazi yangu na nakala mbili. Moja ni andiko lilivyoletwa, siligusi. Ya pili ni ya kwangu, na humo naweka alama ya mkazo juu ya kila neno lenye masomo mawili kabla sijaanza kufasiri hata sentensi moja. Katika programu ya Word, weka kishale mara baada ya irabu, andika tarakimu nne 0301, kisha bonyeza Alt na X pamoja. Alama itapanda juu ya irabu hiyo. Matokeo yake ni haya, ngome kwanza na kufuli baadaye:

```
за́мок   замо́к
```

Usichukue é ya Kifaransa iliyo tayari kwenye kibodi ukaipachika katikati ya neno la Kirusi. Kwa macho inafanana, lakini kwa mashine ni herufi ya Kilatini iliyoingia katika neno la Kikirili; kikagua tahajia kitaipigia mstari, na ukitafuta neno hilo baadaye hutalipata. Hata alama iliyowekwa ipasavyo inaweza kuzuia utafutaji, kwa kuwa katika baadhi ya programu neno lenye alama na lisilo na alama huhesabiwa kuwa maneno mawili. Ndiyo maana nakala yenye alama inabaki mezani kwangu, na anayelipia kazi anapelekewa ile safi, isipokuwa pale penye bólshaya. Hapo alama naiacha makusudi, na kwenye barua ninayoituma pamoja na kazi ninaeleza ni kwa nini.